Sura ya Tano: Tawi Moja Likikatika

Mtoto wa miaka saba mwenye selimundu analetwa kliniki akiwa amelegea. Wiki iliyopita alipata homa na mafua kidogo, homa ikapoa, na nyumbani wakadhani yamekwisha. Lakini kwa siku tatu sasa hataki kucheza, akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni anahema, na viganja, ulimi na kope zake kwa ndani vimekuwa vyeupe. Macho yake, ambayo mama yake amezoea kuyaona na umanjano kidogo, yametakata. Mama anamwambia daktari kwamba angalau hilo ni jambo jema.

Majibu ya picha kamili ya damu yanarudi. Hemoglobini ni gramu 4.3 kwa desilita, wakati mtoto huyu siku zake nzuri hukaa kwenye 8. Chembe nyeupe ni 13,000 kwa mikrolita, kiwango ambacho kwa watoto wengi wa selimundu ni cha kila siku. Chembe sahani ni 380,000, hazina tatizo lolote. Kisha mtaalamu wa maabara anachanganya tone la damu na rangi maalumu ya buluu, analipaka kwenye kioo, na chini ya hadubini anatafuta retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho siku moja au mbili tu zilizopita. Hutambulika kwa vinyuzi vya buluu ndani yake. Anahesabu chembe nyekundu elfu moja na kupata mbili zenye vinyuzi. Hiyo ni asilimia 0.2. Mtoto huyohuyo alipopimwa miezi miwili kabla alikuwa na asilimia 12.

Mtoto huyu nimemuunda mwenyewe, lakini kwa daktari yeyote anayehudumia wagonjwa wa selimundu si mgeni. Nimemweka mwanzoni mwa sura hii kwa sababu sijui njia bora ya kueleza jinsi damu inavyogawanyika kutoka kwenye asili yake moja kuliko kuuliza swali hili: ni wapi hasa, kwenye safari ndefu ya kutoka seli shina hadi chembe inayozunguka mwilini, kitu kimekatika? Majibu yote yamo kwenye namba hizo nne. Kuyasoma kunahitaji kuujua mti wenyewe.

Tuanzie kwenye shina. Ndani ya mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, kidari na mbavu za mtu mzima mna uboho mwekundu. Katika mabilioni ya seli zake, zilizo seli shina halisi za damu ni chache mno, pengine moja kati ya makumi ya maelfu. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walifuatilia mabadiliko madogo ya kijeni yaliyojikusanya katika seli za damu za mtu mmoja wa miaka 59, wakakadiria kwamba damu yake yote ilitokana na seli shina kati ya 50,000 na 200,000. Ni idadi ndogo ukizingatia kwamba mwili huo hutengeneza chembe nyekundu takriban bilioni 200 kila siku. Tena seli shina zenyewe hazina haraka. Nyingi hukaa kimya, zikigawanyika mara moja kwa miezi mingi. Kazi ya kuzaliana kwa wingi wameachiwa wazao wao.

Kwamba seli moja inaweza kuzaa aina tofauti za damu kulijulikana kupitia panya. Mjini Toronto, James Till, mwanafizikia, na Ernest McCulloch, daktari, waliwapiga panya mionzi iliyoua uboho wao, kisha wakawadunga seli za uboho wa panya wazima. Siku kumi baadaye McCulloch alipasua panya hao na kukuta bandama zao zina vinundu vinavyoonekana kwa macho. Alivihesabu, na hesabu ikawa inakwenda sambamba na kiasi cha uboho kilichodungwa: takriban kinundu kimoja kwa kila seli elfu kumi. Waliyatangaza matokeo hayo mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, wakishirikiana na Andrew Becker, walitumia alama zilizoachwa na mionzi kwenye kromosomu kuonyesha kwamba seli zote za kinundu kimoja zina alama moja, kwa hiyo zimetoka kwa mzazi mmoja. Na ndani ya kinundu kimoja mliweza kuwa na seli changa za chembe nyekundu, za chembe nyeupe na za chembe sahani kwa pamoja. Baadaye ilibainika kwamba seli nyingi zilizoota vinundu vile hazikuwa shina lenyewe bali wazao wake wa karibu, lakini hoja kuu ilisimama: mzazi mmoja, matawi mengi.

Seli shina inapogawanyika, binti mmoja anaweza kubaki shina kama mama yake na mwingine akaanza kushuka. Anayeshuka hapotezi jeni yoyote. Kitabu chote cha urithi anacho. Kinachobadilika ni kurasa zipi zinasomwa. Protini mbili zimechunguzwa sana hapa, GATA1 na PU.1. GATA1 huwasha jeni zinazohitajika na chembe nyekundu pamoja na chembe sahani. PU.1 huwasha zile za jamii kubwa ya chembe nyeupe. Zikikutana ndani ya seli moja hushikana na kuzuiana, kiasi kwamba ile inayozidi inazidi kuzidi na nyingine inanyamaza. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mvutano huo ndio unaoamua mwelekeo. Uchunguzi wa karibuni wa seli mojamoja unaonyesha kwamba mara nyingi uamuzi umeshaanza kabla, na protini hizi zinaukaza ili seli isirudi nyuma.

Hata umbo la mti wenyewe limechorwa upya. Vitabu vya shule bado vina mchoro nadhifu: shina linagawanyika mara mbili, upande mmoja limfosaiti, upande wa pili vingine vyote, kisha kila tawi linagawanyika tena kwa utaratibu. Kazi iliyofanywa Toronto na kutangazwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika uboho wa mtu mzima seli nyingi zilizodhaniwa kuwa bado kwenye njia panda tayari zimeshachagua kazi moja. Pia chembe sahani zinaonekana kuwa na njia ya mkato inayotoka karibu kabisa na shina. Mimi naona ni heri kuufikiria mteremko wenye vijito vinavyoachana polepole kuliko ngazi zenye vituo. Ila kwa daktari aliye mbele ya mtoto wetu jambo moja halijabadilika: chembe nyekundu, chembe sahani na chembe nyeupe huachana mapema, na kila upande ukishaachana na mwenzake una mahitaji yake na wakati wake wa kufa.

Wakati wa kufa ndio ufunguo. Nyutrofili, ambazo ni nyingi kuliko chembe nyeupe nyingine kwa mtu mzima, huzunguka kwenye damu kwa saa chache hadi siku chache kisha huingia kwenye tishu na kufa huko. Uboho huzitengeneza kwa kiwango cha bilioni 100 hivi kwa siku na huweka akiba yake, ndiyo maana mtu akipata nimonia zinaweza kupanda ndani ya saa chache. Ndugu zake wa karibu ni monosaiti, ambazo zikitoka kwenye damu hugeuka makrofaji, pamoja na eosinofili na basofili. Limfosaiti zina maisha tofauti kabisa. Zile za T huondoka kwenye uboho zikiwa bado changa na kwenda kukomalia kwenye tezi ya thaimasi kifuani. Zile za B hukulia kwenye uboho wenyewe na baadhi ya wazao wake huishi miaka mingi wakitoa kingamwili. Tutazihitaji mwishoni.

Chembe sahani hukaa siku saba hadi kumi. Huzaliwa na megakariosaiti, seli ambayo inaongeza nakala za kromosomu zake tena na tena bila kugawanyika hadi inakuwa jitu lenye nakala mara nane au zaidi ya seli ya kawaida. Ikikomaa hukaa kando ya mshipa mdogo wa uboho, ikapenyeza mikono mirefu myembamba ndani ya mshipa, na mikono hiyo ina vifundo kama shanga zilizotungwa uzini. Mkondo wa damu unavikata. Megakariosaiti moja hutoa chembe sahani elfu moja na zaidi, kisha mabaki yake huliwa na makrofaji. Homoni inayosukuma kazi hii ni thrombopoietini, ambayo hutoka hasa kwenye ini. Chembe sahani zenyewe huinyonya kutoka kwenye damu. Zikiwa nyingi homoni hupungua, zikipungua homoni inabaki nyingi na kuwafikia wazazi wao.

Chembe nyekundu huishi siku 120. Kwa hiyo mtu aliyeharibiwa uboho wote, kwa mfano na mionzi, hapotezi damu yote kwa pamoja. Nyutrofili humwishia ndani ya siku chache baada ya akiba kuisha, chembe sahani hufuata katika wiki ya pili, na wekundu wa damu unashuka taratibu kwa wiki nyingi. Shina likifa, matawi yote hunyauka, kila moja kwa saa yake. Turudi sasa kwenye karatasi ya mtoto wetu. Chembe sahani 380,000. Kama shina lingekuwa limekufa zaidi ya wiki moja iliyopita, namba hiyo isingekuwapo. Chembe nyeupe nazo zipo. Kilichotoweka ni retikulosaiti peke yake. Shina ni zima. Kilichokatika ni tawi la chembe nyekundu, tena chini ya mahali linapoachana na megakariosaiti.

Tuliangalie tawi hilo kwa karibu. Figo zikihisi hewa ya oksijeni imepungua kwenye damu hutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hii haizalishi seli mpya kutoka shina. Inazuia seli changa za upande wa wekundu zisife. Zinazosalia hukua kuwa proerithroblasti, seli kubwa yenye kiini kikubwa cha duara, na kuanzia hapo kunafuata migawanyiko minne au mitano ya haraka. Proerithroblasti moja hutoa chembe 16 hadi 32 katika muda wa wiki moja hivi. Kila mgawanyiko seli zinapungua ukubwa, zinajaa hemoglobini, na kiini kinasinyaa. Zinafanya hivyo zikiwa zimemzunguka makrofaji mmoja aliye katikati, na hatimaye kila seli hukisukuma kiini chake nje, makrofaji akakimeza. Kilichobaki ni retikulosaiti. Hukaa kwenye uboho siku moja au mbili, kisha huingia kwenye damu na ndani ya siku moja au mbili vinyuzi vyake vinatoweka.

Katika selimundu chembe nyekundu hazifikishi siku 120. Huishi siku 10 hadi 20 tu, zikijikunja na kuvunjika. Mtoto huyu anaweza kukaa na hemoglobini ya 8 kwa sababu uboho wake unafanya kazi mara nyingi zaidi ya wa kwetu, ukisukumwa na erithropoietini nyingi. Ndiyo sababu retikulosaiti zake huwa asilimia 12 wakati za mtu mzima mwenye afya hazizidi mbili hivi.

Sasa anakuja kirusi. Jina lake ni parvo B19, na alipatikana kwa bahati mwaka 1975 London, pale Yvonne Cossart na wenzake walipokuwa wakikagua vipimo vya homa ya ini. Sampuli ya 19 ya kundi B ilitoa jibu ambalo halikueleweka. Ni kirusi kidogo sana na hana vifaa vya kunakili urithi wake mwenyewe. Lazima aingie seli iliyo katikati ya kugawanyika. Tena lazima seli hiyo iwe na mafuta fulani kwenye utando wake yaitwayo globosidi, na iwe chini ya amri ya erithropoietini. Watu wachache mno duniani wasio na globosidi hawaambukizwi kabisa. Ukiyaweka masharti hayo pamoja, mahali panapoyatimiza yote katika mwili mzima ni pembamba: proerithroblasti na mzazi wake wa karibu. Huko juu, shina halimfai kwa sababu limetulia na halisikilizi erithropoietini. Huko chini, chembe iliyotupa kiini haina cha kunakili. Akiingia hapo katikati huzaliana, na seli inakufa. Uboho wa mtoto mwenye selimundu umejaa seli za aina hiyohiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu mwenye afya ana hemoglobini ya 14 na chembe zinazoishi siku 120, kwa hiyo kila siku zinazokufa ni sawa na gramu 0.12 kwa desilita. Uzalishaji ukisimama siku kumi anashuka hadi 12.8 na hajui kitu. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza waliwatilia kirusi hiki puani watu wazima waliojitolea, na ndivyo ilivyokuwa: retikulosaiti zilitoweka kwa muda, hemoglobini ikayumba kidogo tu. Nyutrofili na chembe sahani nazo zilishuka kidogo kwa siku chache, kwa hiyo mkato si safi kwa asilimia mia. Kwa mtoto wetu, hemoglobini ni 8 na maisha ya chembe ni siku 16 hivi. Hupoteza nusu gramu kwa siku. Wiki moja bila retikulosaiti inamtoa kwenye 8 hadi karibu 4.5. Kirusi ni kilekile, muda ni uleule, na huyu moyo wake unaanza kushindwa.

Na macho kutakata kumeelezeka hapohapo. Umanjano hutokana na chembe zinazovunjika. Chembe zimepungua, hakuna mpya zinazoingia, basi na za kuvunjika zimepungua. Ishara ambayo mama aliiona njema ilikuwa sehemu ya tatizo.

Kuna hali nyingine inayofanana kwa nje na ambayo daktari hawezi kuichanganya na hii bila hatari. Kwa watoto wadogo wenye selimundu bandama inaweza kuvimba ghafla na kufungia damu ndani yake. Hemoglobini inashuka kwa saa, si kwa siku. Lakini hapo tumbo likipapaswa bandama imekuwa kubwa kuliko kawaida, chembe sahani mara nyingi zimeshuka kwa sababu nazo zimekwama humo, na retikulosaiti ziko juu kwa sababu uboho ni mzima na unahangaika kufidia. Kipimo cha retikulosaiti hutenganisha hali hizi mbili kwa gharama ya rangi na kioo. Kukiacha kwa kuwa mashine ya picha kamili ya damu haikitoi yenyewe ni kosa ambalo linanisikitisha kila ninapolisikia.

Uhusiano kati ya kirusi na hali hii ulibainika mwaka 1981. John Pattison na wenzake walikuta dalili za maambukizi mapya katika damu ya watoto wa selimundu waliolazwa London, na mwaka huohuo Graham Serjeant akaripoti kutoka Kingston, Jamaika, mlipuko wa watoto wengi walioishiwa damu kwa wakati mmoja kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya hapo madaktari waliijua hali hiyo na walikuwa wameona kwamba ndugu wa nyumba moja huugua kwa kufuatana, ila kisababishi hakikuwa na jina.

Tiba ni kuwekewa chembe nyekundu, kwa kiasi kidogo na polepole, kwa sababu moyo uliokwisha kuchoka haubebi maji mengi kwa mara moja. Lengo ni kumfikisha mtoto mahali salama, kwenye 7 au karibu na hapo, na kusubiri. Kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi tangu retikulosaiti zitoweke zinaanza kurudi, na zinaporudi huja kwa kishindo: asilimia 15, 20, hata zaidi, pamoja na chembe changa zilizotoka uboho kabla hazijatupa viini vyake. Anayeiona damu hiyo kwa mara ya kwanza bila kujua historia anaweza kudhani mtoto ana ugonjwa mwingine. Siku hizohizo, kama kuna ndugu yake mwenye selimundu nyumbani, naye anapaswa kupimwa hemoglobini na retikulosaiti hata kama anacheza, na mhudumu mjamzito asipangiwe kumhudumia mgonjwa, kwa kuwa kirusi hiki kikimfikia mtoto tumboni hushambulia seli zilezile huko.

Kinachofungua tena njia si uboho wenyewe. Ni limfosaiti za B, zilizoachana na upande wa wekundu mapema kabisa. Wazao wake hutoa kingamwili dhidi ya B19 karibu siku ya kumi ya maambukizi, kirusi kinafungwa, na proerithroblasti mpya zinazoshuka kutoka juu zinapita salama. Kinga hiyo kwa kawaida hudumu maisha, ndiyo sababu mtoto huyu hatarajiwi kuugua hivi mara ya pili. Lakini kwa mtu ambaye limfosaiti zake zimedhoofishwa, kwa mfano mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa au anayetumia dawa za kuzuia kinga baada ya kupandikizwa figo, kingamwili hazitoshi na kirusi hakiondoki. Hemoglobini yake inashuka polepole, anawekewa damu, inashuka tena, na mwezi baada ya mwezi retikulosaiti ni karibu sifuri huku chembe sahani zake zikiwa hazina kasoro. Uboho wake ukichukuliwa nyongani na kupakwa kwenye kioo huonyesha proerithroblasti chache kubwa mno zenye kitu kama dirisha ndani ya kiini, na baada yake hakuna kitu. Mgonjwa huyo hutibiwa kwa kupewa mshipani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu wengi, ambao wengi wao walikutana na B19 utotoni, na kwa kurudisha kinga yake mwenyewe: mwenye virusi vya UKIMWI huanzishiwa dawa, aliyepandikizwa figo hupunguziwa zile za kuzuia kinga.